Salio la Daftari na Salio la Benki: Mazungumzo na Waweka Hazina wa Mombasa

Mheshimiwa mwenyekiti, wazee wetu, waweka hazina wa vyama na kamati, na wenye maduka mliofunga mapema ili mfike hapa, assalaam alaykum na hamjambo nyote.

Nimeombwa nizungumze juu ya taarifa ya upatanisho wa benki, ile karatasi moja ambayo mkaguzi wa hesabu huiulizia mapema, na ambayo wengi wetu huitengeneza mbio mbio usiku wa kuamkia siku ya ukaguzi. Sitaizungumzia kijuujuu. Nitachukua duka moja na mwezi mmoja, na tutaufuata mwezi huo mpaka hesabu zikubaliane. Duka lenyewe nimelibuni kwa ajili ya mazungumzo haya, kwa hivyo mtu asihangaike kutafuta ni la nani, ila hakuna jambo nitakalolitia ndani yake ambalo halitokei madukani mwetu.

Tuseme ni duka la jumla la mchele na unga pale Kongowea, na tunafunga hesabu za Mei 2025. Tarehe 31 Mei mwaka huo iliangukia Jumamosi. Tarehe 1 Juni, siku ya Madaraka, ikawa Jumapili, na kwa kuwa sheria ya Kenya husogeza sikukuu iliyoangukia Jumapili hadi siku inayofuata, Jumatatu nayo ikawa ya mapumziko. Benki zilizofunga Jumamosi adhuhuri hazikufungua tena hadi Jumanne tarehe 3. Nawaomba mziweke siku hizo akilini kwa sababu zitatufafanulia mambo mengi.

Jumamosi jioni karani wa duka akajumlisha daftari la fedha, upande wa benki, akapata salio la shilingi 360,930. Jumapili usiku tajiri wake akafungua simu, akaona benki inamwonyesha shilingi 487,650. Akampigia karani: "Mbona wewe waniambia laki tatu na sitini, na benki yasema karibu laki tano? Hizi nyingine umezificha wapi?"

Tofauti ni shilingi 126,720. Kazi ya taarifa ya upatanisho ni kuieleza tofauti hiyo, shilingi kwa shilingi, mpaka isibaki hata senti moja isiyo na maelezo. Nasema kuieleza kwa makusudi. Kuna watu wanaodhani kwamba kazi ni kuiondoa, na hao ndio hujaza pengo kwa kuandika "tofauti ndogondogo" mwishoni mwa ukurasa.

Kabla ya kutazama takwimu, tuelewe kwanza ni nani anayeandika nini. Daftari la fedha huandikwa na duka, na stetimenti huandikwa na benki, na kila mmoja anaandika kutoka upande wake wa kaunta. Fedha ulizoziweka benki ni mali yako, kwa hivyo katika daftari lako zimo upande wa debiti. Kwa benki fedha hizo hizo ni deni inalowiwa nalo, kwa hivyo katika vitabu vyake zimo upande wa krediti. Ndiyo maana stetimenti hutia herufi CR mbele ya salio zuri, na DR mbele ya ada ilizokukata. Ukiiona stetimenti yako ina salio la DR, ujue umetoa zaidi ya ulichonacho na sasa wewe ndiwe mwenye kudaiwa. Daftari na stetimenti ni kama mtu na sura yake katika kioo: mkono wa kulia wa huyu ndio wa kushoto wa yule. Asiyelizoea jambo hili huongeza panapotakiwa kutoa, na kosa hilo moja huzaa tofauti iliyo maradufu ya kiasi chenyewe.

Sasa, kama wote wawili wanaandika mambo yale yale, kwa nini wafike mahali tofauti? Kwa ufupi, ni kwa sababu hawayajui mambo hayo kwa wakati mmoja, na pengine mmoja wao amekosea. Yako mambo ambayo duka limeshayaandika na benki haijayaona bado. Yako ambayo benki imeshayaandika na duka halina habari nayo. Na yako makosa. Karani wetu alipokuwa akiijaza kila shimo alitakiwa ajiulize swali moja tu: ni nani hapa ambaye hajajua?

Kazi yenyewe alianza hivi. Alichapisha stetimenti kamili ya Mei, kuanzia tarehe mosi mpaka tarehe 31, wala hakutegemea picha ya simu inayoonyesha miamala kumi ya mwisho. Akachukua penseli, akasoma mstari mmoja wa stetimenti, akautafuta katika daftari, na alipoupata kwa kiasi kile kile akatia alama ya vema pande zote mbili. Jambo ambalo makarani wengi hulisahau, yeye alilikumbuka: aliweka kando taarifa ya upatanisho ya Aprili. Tarehe 5 Mei stetimenti ilionyesha hundi nambari 000203 imelipwa. Ukiitafuta hundi hiyo katika daftari la Mei hutaiona, kwa sababu iliandikwa Aprili na kutolewa Aprili, na ilikuwa imeorodheshwa mwisho wa mwezi ule miongoni mwa hundi zilizokuwa bado kufika benki. Ungekuwa huna taarifa ya Aprili, ungeidhania hundi ya wizi au, vibaya zaidi, ungeiandika tena.

Alipomaliza kutia alama, yaliyobaki bila alama ndiyo yaliyokuwa na habari. Upande wa daftari palibaki vitu vitatu ambavyo benki ilikuwa haivijui.

Cha kwanza ni mauzo ya taslimu ya Jumamosi, shilingi 96,400. Watu walikuwa wakinunua mchele kwa ajili ya Idi ya kuchinja iliyokuwa karibu, duka likauza mpaka jioni, na benki ilishafunga saa sita. Karani aliziandika fedha zile tarehe 31 kama zilizopelekwa benki, akazifungia kwenye kasha, na hati ya kuziweka ikagongwa muhuri Jumanne. Kwa siku tatu zile daftari lilikuwa mbele ya benki. Wako walimu wanaosema asingeandika mpaka Jumanne, na mimi nakubaliana nao kwamba ni bora fedha zilizoko kasheni zikae katika safu ya taslimu hadi zivuke kaunta ya benki. Lakini maduka mengi hufanya kama huyu, na upatanisho unaweza kulibeba jambo hilo maadamu liko wazi.

Vitu viwili vingine ni hundi. Nambari 000214 ya shilingi 38,000 alipewa mwenye lori tarehe 20 Mei, na nambari 000217 ya shilingi 142,500 alipewa muuza mchele wa jumla Ijumaa tarehe 30. Duka lilizitoa katika daftari siku ile ile zilipoandikwa, na ndivyo inavyopasa, kwa kuwa ukishamkabidhi mtu hundi fedha zile si zako tena. Benki haijui habari ya hundi mpaka hundi ifikishwe kwake. Zamani tungeilaumu safari ya karatasi kati ya matawi. Tangu mwaka 2011, mabenki ya Kenya hubadilishana picha ya hundi badala ya karatasi yenyewe, na hundi iliyowekwa leo hutarajiwa kukamilika siku ya kazi inayofuata. Kwa hivyo siku hizi hundi iliyochelewa wiki mbili mara nyingi haijakaa benki. Imekaa mfukoni mwa aliyepewa. Ya muuza mchele ina udhuru wa sikukuu. Ya mwenye lori imekaa siku kumi na moja, na karani mwangalifu atampigia simu.

Sasa tugeukie upande wa stetimenti, ambako palibaki mistari ambayo daftari halikuijua.

Palikuwa na ada za benki, shilingi 1,200, na chini yake shilingi 180 za ushuru wa bidhaa ambao serikali hutoza juu ya ada hizo. Jumla 1,380. Hakuna aliyempigia karani kumwambia, wala si desturi ya benki kufanya hivyo. Stetimenti ndiyo barua yenyewe.

Palikuwa na shilingi 60,000 zilizoingia tarehe 29 Mei kutoka kwa mteja wa Malindi, aliyelipa deni lake moja kwa moja katika akaunti na hakutuma ujumbe. Hapa pana mtego. Karani mwenye haraka huziandika fedha hizo kuwa mauzo ya siku, na kumbe mauzo yalishaandikwa siku unga ulipopakiwa garini. Zinatakiwa ziingie benki na zipunguze deni la mteja yule. Ukiziandika kuwa mauzo, salio la benki litakubaliana vizuri kabisa, upatanisho utapita, na mteja wako wa Malindi ataendelea kudaiwa fedha alizokwisha kulipa.

Na palikuwa na hundi iliyorudi. Tarehe 22 Mei mteja mmoja alileta hundi ya shilingi 25,000, karani akaiandika na kuipeleka benki. Tazameni jinsi ilivyoonekana katika stetimenti, kwa maana hapa ndipo macho hudanganyika. Tarehe 22 pana mstari wa CR 25,000. Mistari kadhaa chini yake, tarehe 26, pana mstari wa DR 25,000 wenye neno fupi la kueleza kwamba hundi haikulipwa. Karani aliyeona mstari wa kwanza hutia alama ya vema, roho ikatulia, na akaupita ule wa pili kwa kudhani ni malipo mengine. Mstari wa pili ndio wenye ukweli. Fedha zile hazikuingia, na mteja yule amerudi kuwa mdaiwa.

Karani akazichukua habari hizi tatu na kulirekebisha daftari lake: 360,930, akaongeza 60,000, akatoa 25,000, akatoa 1,380. Akapata 394,550. Kisha akaenda upande wa benki: 487,650, akaongeza 96,400 za Jumamosi, akatoa hundi mbili ambazo jumla yake ni 180,500. Akapata 403,550.

Bado hazikukubaliana. Palibaki shilingi 9,000.

Hapa ndipo watu wengi huchoka, nami ningependa tusimame kidogo. Tofauti iliyobaki baada ya kuyaondoa yote unayoyajua huwa inasema kitu, ukiisikiliza. Jaribio la kwanza ni kuigawa kwa mbili na kutafuta kiasi hicho katika daftari. Kama kuna malipo ya shilingi 4,500 yaliyoandikwa upande wa mapato, yatazaa tofauti ya 9,000 kamili. Karani alitafuta 4,500, hakuiona. Jaribio la pili ni kuigawa kwa tisa. Tarakimu mbili zikibadilishana nafasi, tofauti inayopatikana hugawanyika kwa tisa bila baki, kila mara. Elfu tisa kwa tisa ni elfu moja, na jibu hilo nalo lina maana: linaonyesha kwamba zilizobadilishana ni tarakimu ya maelfu na ya makumi elfu, na kwamba tarakimu hizo zinapishana kwa moja. Akatafuta malipo yenye umbo hilo, akayaona. Hundi nambari 000211, daftari linasema 54,300, stetimenti inasema 45,300. Kwa kuharakisha alama zake za vema alikuwa ameitazama nambari ya hundi bila kukitazama kiasi.

Hilo halikutosha kumpa ruhusa ya kurekebisha. Alifungua kishina cha kitabu cha hundi, akatafuta na ankara ya muuzaji, akahakikisha kwamba hundi yenyewe iliandikwa 45,300. Ingekuwa hundi iliandikwa 54,300 na benki ikalipa pungufu, au hundi ni ya 45,300 na benki ikalipa 54,300, kosa lingekuwa la benki, na dawa yake ni barua kwa meneja wa tawi yenye nakala ya kishina. Nilitaje na hili: kugawanyika kwa tisa ni ishara tu. Shilingi 9,000 inaweza pia kuwa ni malipo halisi ya 9,000 yaliyosahauliwa, na mtu aliyeshikilia kanuni ya tisa atatafuta tarakimu zilizopinduka hadi usiku wa manane.

Daftari likaongezwa 9,000, likafika 403,550. Taarifa ikaandikwa, na ni fupi kuliko watu wanavyoitarajia:

Salio la stetimenti ya benki, 31 Mei 2025: 487,650
Ongeza mauzo ya 31 Mei yaliyokuwa hayajafika benki: 96,400
Toa hundi 000214: 38,000
Toa hundi 000217: 142,500
Salio la daftari la fedha baada ya marekebisho: 403,550

Mtauliza: ada ziko wapi, hundi iliyorudi iko wapi, na mteja wa Malindi? Hawamo, na hawatakiwi kuwamo. Yale ambayo daftari lilikuwa halijui yameshaingizwa katika daftari, kila moja kwa andiko lake lenye tarehe na maelezo, na kosa la hundi 000211 limerekebishwa kwa andiko jipya, si kwa kufuta la zamani kwa wino mweupe. Kinachobaki katika taarifa ni yale ambayo benki haijui, na hayo hatuyaandikii chochote upya kwa kuwa sisi tulishayaandika. Yanasubiri siku tu. Katika kazi za makarani wanaoanza, kosa ninaloliona mara kwa mara ni kuingiza ada za benki ndani ya taarifa, hesabu ikakubaliana karatasini, na daftari lenyewe likaachwa vile vile. Mwezi unaofuata ada zile zinarudi, zikiwa zimeongezewa za mwezi mpya, na baada ya mwaka duka lina gharama ya miezi kumi na miwili ambayo haijawahi kuandikwa popote.

Turudi kwa tajiri na simu yake. Swali lake halikuwa la kihasibu. Alitaka kununua mchele zaidi kabla ya Idi, na alikuwa na nia ya kuandika hundi ya shilingi 400,000. Alikuwa na namba tatu mbele yake, na zote ni za kweli kwa namna yake. Benki inasema 487,650. Daftari lililorekebishwa linasema 403,550. Lakini mpaka Jumanne karani afike benki na zile 96,400, kilichopo benki baada ya kuzihesabu hundi mbili zilizoko nje ni shilingi 307,150. Kwa hivyo hundi ya laki nne, ikiwahi kufika kabla ya fedha za Jumamosi na ikakuta zile mbili zimeshalipwa, itapungukiwa na shilingi 92,850. Ikifika baada yake, italipwa na kubaki 3,550, jambo ambalo bado si la kumpa mtu usingizi. Na tusisahau kwamba katika Kenya kutoa hundi huku ukijua akaunti haina fedha za kutosha ni kosa la jinai chini ya kifungu cha 316A cha Kanuni ya Adhabu. Salio la simu halina uwongo, ila halijui chochote kuhusu karatasi uliyoitia saini jana.

Sasa nifike mahali ambapo, kwa maoni yangu, upatanisho hulipa gharama ya muda wake. Watu hudhani kazi imekwisha hesabu zilipokubaliana tarehe 31. Mimi nasema nusu yake iko katika stetimenti ya Juni. Vile vitu vitatu tulivyovitaja kuwa vinasubiri ni madai tu mpaka vionekane. Shilingi 96,400 ziliingia benki kweli? Lini? Na kwa kiasi gani?

Fikirini karani mwingine, asiye mwaminifu, aliyezikopa shilingi 26,400 katika mauzo yale ya Jumamosi kwa shida zake. Jumanne akapeleka 70,000. Jumatano akachukua 26,400 katika mauzo ya Jumanne akaziba pengo la Jumamosi, na Alhamisi akaziba la Jumanne kwa mauzo ya Jumatano. Kila siku inalipa deni la jana yake, na mwisho wa mwezi pengo lote linaandikwa kwa jina zuri: "fedha zilizoko njiani kwenda benki". Ukiangalia jumla tu, taarifa inakubaliana. Ukiangalia tarehe na viasi, mchezo unaonekana. Mauzo ya Jumamosi ya 96,400 yanatakiwa yaonekane Jumanne kama mstari mmoja wa 96,400. Yakionekana katika mistari miwili, au yakionekana siku tatu baadaye, au kiasi cha njiani kikawa kinakua kila mwezi hali mauzo ni yale yale, omba hati za kuwekea fedha zenye muhuri wa benki, uzilinganishe na stakabadhi za siku ile. Fedha taslimu hazina sababu ya kukaa njiani kutoka Kongowea mpaka tawi la benki kwa juma zima. Na ndiyo sababu mwenye kushika kasha hatakiwi kuwa ndiye mwenye kutengeneza upatanisho. Katika duka lenye watu wawili, kazi hii aifanye yule mwingine, hata kama ni tajiri mwenyewe, na stetimenti aichukue yeye benki, isimfikie kwa mkono wa karani.

Hundi nazo zina ufuatiliaji wake. Ile ya muuza mchele ikishaonekana katika stetimenti ya Juni, habari yake imekwisha. Ya mwenye lori isipoonekana, iorodheshwe tena Juni, na tena Julai, ikiwa na tarehe yake ya asili ya 20 Mei. Hundi husinyaa baada ya miezi sita, na benki itaikataa. Ikifika Novemba haijalipwa, irudishwe katika daftari kama fedha iliyoingia, shilingi 38,000, na upande wa pili iandikwe kwamba mwenye lori bado anatudai. Tafadhali isiandikwe kuwa faida. Hundi imekufa, deni liko hai, na mwenye lori akija Desemba na karatasi yake iliyochakaa ana haki ya kupewa nyingine.

Kuna neno moja juu ya malipo ya simu, kwa sababu najua swali linakuja. Mteja akilipa kwa till ya M-Pesa, fedha ziko katika till. Haziko benki mpaka zihamishwe, na zikihamishwa huenda zikawa zimekatwa ada. Karani anayeandika malipo hayo moja kwa moja katika safu ya benki atakuwa na upatanisho mgumu kila mwezi, wenye makumi ya viasi vidogo vidogo visivyofanana na chochote katika stetimenti. Mpe till safu yake katika daftari na uipatanishe peke yake na taarifa yake, kwa njia ile ile tuliyoitumia hapa. Uhamisho wa kutoka till kwenda benki uandike kama unavyoandika mtu kutoa fedha mfuko huu na kuzitia mfuko ule.

Mwisho, mjue pia taarifa hii haioni nini. Inalinganisha maandishi mawili. Kilichoandikwa kote kote kwa kosa lile lile kitapita. Tumeona jinsi fedha za Malindi zingeweza kuitwa mauzo na hesabu ikakubaliana. Hundi aliyoandikiwa mtu asiyestahili, ikatiwa saini na kulipwa, itapewa alama ya vema kama nyingine. Na gunia la mchele lililouzwa taslimu bila stakabadhi, fedha zikaingia mfukoni, halimo katika daftari wala katika stetimenti, kwa hivyo hakuna tofauti ya kuelezwa. Huyo atashikwa na anayeingia stoo kuhesabu magunia na kuyalinganisha na kadi ya bidhaa, wala hatashikwa na penseli yangu.

Mheshimiwa mwenyekiti, niko tayari kwa maswali, na wenye stetimenti zao mkononi wasione haya kuzileta mbele.